Shajara ya mradi: kreshi ipi ishikwe kwanza

Jumatatu

Asubuhi nimefungua Crashlytics, chombo kinachorekodi kila kreshi, yaani kila apu yetu inapokufa ghafla kwenye simu ya mtu, nikakuta orodha imebadilika sura tangu Ijumaa. Juu kabisa kulikuwa na kreshi yenye matukio 2,316 kwa siku saba, na iliyoifuata haikufika hata 400. Meneja wetu, ambaye ana mazoea ya kupita nyuma ya viti vya watu na kikombe chake cha kahawa tungu, aliiona ile namba kabla sijashusha ukurasa. "Hiyo si ndiyo ya kwanza?" Nikamwomba anipe mpaka jioni.

Kwa anayesoma shajara hii kwa mara ya kwanza: apu yetu inatumiwa na wenye maduka ya rejareja wa Kisauni, Likoni, Changamwe na kwingineko Mombasa kuagiza bidhaa kwa wauzaji wa jumla, wengi wao wa soko la Kongowea. Wiki iliyopita ilitumiwa na watu 9,400. Kati yao 7,900 wako kwenye toleo la 3.8.2, na 840 wako kwenye 3.9.0, ambalo tumelifungulia asilimia 10 tu ya watu tangu Alhamisi. Waliobaki, 660, wamekwama kwenye 3.7 na chini yake. Idadi hiyo ya watu wa kila toleo ndiyo kigawanyo kitakachoamua kila kitu hapa chini, kwa hiyo nimekiandika kwenye ubao kabla ya kugusa kreshi yoyote.

Ile ya matukio 2,316 niliifungua nikatazama safu ya pili, ya watumiaji. Watano. Simu tano zimetoa matukio yote hayo. Kosa lenyewe linasomeka `SQLiteFullException: database or disk is full (code 13)`, yaani simu imejaa na apu inakosa pa kuandika. Sababu ya kujirudia nimeipata kwenye msimbo wetu wenyewe. Tunafungua hifadhidata ndani ya `Application.onCreate`, yaani mara tu apu inapowashwa, na tuna kazi ya nyuma ya kusawazisha oda inayoamka kila dakika 15. Kila kazi inapoamka, mfumo unaiwasha apu, apu inaigusa hifadhidata, inakufa. Kwa wiki nzima simu moja inaweza kufa hivyo mara 672, hata kama mwenyewe hakuigusa. Zetu tano zimetoa wastani wa 463 kila moja, na hilo linaeleweka kwa sababu Android huzichelewesha kazi za nyuma simu ikiwa imelala.

Basi orodha nikaipanga upya kwa watumiaji badala ya matukio. Ile kubwa ikaporomoka hadi karibu na mkia.

Jumatatu, jioni

Baada ya kupanga kwa watumiaji, iliyopanda juu ni `NullPointerException` ya ukurasa wa bei: watu 212. Nilipoichuja kwa toleo nikaona haipo kabisa kwenye 3.8.2 wala 3.9.0. Wote 212 wako kwenye matoleo ya zamani. Ni hitilafu tuliyoifunga sisi wenyewe kwenye 3.8.0, na mwenzangu aliyeandika ule ukurasa alikuwa tayari ameshafungua kompyuta aanze kuisaka tena. Nikamzuia.

Hapa si kwamba haina uzito. Watu 212 kati ya 660 ni asilimia 32, na hakuna kreshi nyingine iliyowagusa watu wa toleo lao kwa kiasi hicho. Ila dawa yake haimo kwenye msimbo. Hao ni watu wasiosasisha apu kwa sababu bando ni la kuhesabu, na hakuna mstari wowote nitakaouandika leo utakaowafikia mpaka wasasishe. Kazi hiyo nimeihamishia kwenye tiketi tofauti: kuweka ujumbe wa kusasisha ndani ya apu, na kupunguza ukubwa wa faili la kupakua. Haishindani tena na zile zinazongoja marekebisho.

Ya pili kwa watumiaji: `IllegalStateException: Can not perform this action after onSaveInstanceState`. Watu 118, wote kwenye 3.8.2. Inatokea mteja anapotoka kwenye apu kwenda kuweka namba ya siri ya M-Pesa kisha akarudi, na sisi tukajaribu kubadilisha ukurasa wakati mfumo umeshahifadhi hali yake. Kwa 7,900 hiyo ni asilimia 1.5.

Nimeondoka ofisini nikiamini hiyo ndiyo ya kesho.

Jumanne

Si hiyo.

Dada wa huduma kwa wateja alinipigia saa mbili na nusu asubuhi. Ameshapokea simu nne za malalamiko, zote zikisema jambo moja kwa maneno tofauti: "Nikipiga picha ya karatasi, inanitupa nje." Karatasi wanayosema ni ya delivari. Kwenye 3.9.0 tumeongeza kitu ambacho wauzaji wa jumla walituomba kwa muda mrefu, yaani mwenye duka akipokea mzigo anaipiga picha karatasi ya delivari, apu inaisafisha iwe nyeusi na nyeupe, kisha inaituma kwa muuzaji.

Nilitafuta kwenye orodha. Kreshi ya picha ilikuwa mstari wa saba, `OutOfMemoryError`, yaani kumbukumbu imekwisha, watu 34. Nani angeishuka mpaka mstari wa saba wakati wa pili una watu 118?

Nilipoitazama vizuri nikagundua haikuwa peke yake. Kulikuwa na `OutOfMemoryError` mbili nyingine huko chini, moja ya watu 19 na moja ya 11. Crashlytics hukusanya kreshi kwa kutazama mahali zilipotokea kwenye msimbo. Lakini kumbukumbu inapokwisha, anayeonekana kwenye ripoti ni yule aliyeomba mwisho, hata kama aliyeimaliza ni mwingine. Kwa hiyo tatizo moja likajigawa mafungu matatu, na kila fungu peke yake likaonekana dogo.

Kishawishi ni kujumlisha 34, 19 na 11. Hilo lingekuwa kosa, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa ameangukia kwenye mafungu mawili. Data yetu ya Crashlytics tunaihamishia BigQuery, ghala la data la Google, kwa hiyo niliuliza huko:

```sql
SELECT device.model,
  COUNT(DISTINCT installation_uuid) AS watu
FROM `mradi.firebase_crashlytics.apu_ANDROID`
WHERE application.display_version = '3.9.0'
  AND issue_id IN ('id_1', 'id_2', 'id_3')
  AND event_timestamp >=
    TIMESTAMP_SUB(CURRENT_TIMESTAMP(), INTERVAL 7 DAY)
GROUP BY device.model
ORDER BY watu DESC
```

Bila ule mgawanyo wa modeli, jibu ni 61. Watatu walikuwa wamehesabiwa mara mbili. Tena hata hiyo 61 ina kasoro yake: `installation_uuid` inamtambua mtu kwa usakinishaji, kwa hiyo aliyeifuta apu akaisakinisha upya kwa hasira anahesabiwa kuwa watu wawili. Wateja wetu hufanya hivyo sana, ni ushauri wa kwanza wanaopewa na vijana wao. Sina njia ya kulirekebisha hilo leo, ila nimelikumbuka nisije nikaing'ang'ania namba kana kwamba ni ya sensa.

Sasa kigawanyo. Watu 61, wote wa 3.9.0, na 3.9.0 ina watu 840. Hiyo ni asilimia 7.3, karibu mara tano ya ile ya M-Pesa. Ile ya watu 118 ilionekana kubwa kwa sababu toleo lake limeshaenea kote. Hii ilionekana ndogo kwa sababu tumeifungulia mlango kwa upana wa asilimia 10 tu.

Saa nne kasoro nimeingia Play Console nikasimamisha usambazaji wa 3.9.0. Sikungoja kujua sababu. Kusimamisha hakuwarudishi nyuma wale 840, maana Play haimshushi mtu toleo. Wao watangoja 3.9.1. Lakini wa 841 hatapatikana.

Jumanne, baada ya adhuhuri

Upande wa simu. Jibu la BigQuery lilileta modeli moja ikiwa imejitenga, isipokuwa ilikuja kwa mistari miwili. Majina yanatofautiana kwa herufi ya mwisho tu: mstari mmoja watu 29, wa pili 18. Dukani ni simu moja, sanduku moja, bei moja. Kiwandani zimepewa vitambulisho viwili. Nilipoziunganisha zikawa 47 kati ya 61.

Hapo meneja akasema, "Basi ni ile simu. Kila mtu anayo." Na ni kweli kila mtu anayo. Hilo ndilo linalotakiwa kupimwa kabla ya kuishutumu, kwa kuwa simu inayotumiwa na wengi itajitokeza kwenye kreshi zote hata ikiwa haina hatia. Modeli hiyo ni watu 1,150 kati ya wateja wetu 9,400, yaani asilimia 12. Nikairudia ile kreshi ya M-Pesa: watu 15 kati ya 118 wanaitumia, asilimia 13. Kwenye kreshi ile, kwa hiyo, simu hiyo imechukua fungu lake la kawaida, na kuihangaikia kungekuwa kupoteza siku. Kwenye kreshi ya picha imechukua asilimia 77. Hapo ndipo penye neno.

Kisha nikahesabu kwa njia ya pili, kwa kugawanya na watu wa modeli hiyo walio kwenye 3.9.0. Wako 102. Walioanguka ni 47, asilimia 46. Vitambulisho viwili nikavipima mbalimbali, 29 kati ya 64 na 18 kati ya 38, vikatoa asilimia 45 na 47, yaani vinafanana. Simu nyingine zote kwa pamoja: watu 14 kati ya 738, asilimia 1.9.

Kwa hizo namba mbili mtu anaweza kukisia nini kingetokea tungefungua mlango wote. Asilimia 46 ya watu 1,150 ni kama 530. Asilimia 1.9 ya waliobaki ni kama 157. Karibu watu 690 wangeshindwa kupokea mzigo, na kreshi hiyo ilikuwa mstari wa saba.

Kuna mpaka mwingine ambao nimemwandikia meneja kwa herufi kubwa: Google Play ina kipimo chake cha tabia mbaya kwa kreshi zinazoonekana na mtumiaji, asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku kwa jumla, na asilimia 8 kwa modeli moja ya simu. Ikivuka, apu inaweza kupunguziwa kuonekana kwenye Play, na wenye simu hiyo wanaweza kuonyeshwa onyo kwenye ukurasa wake. Namba zetu za leo ni za wiki, zake ni za siku, kwa hiyo haziwekwi kwenye mizani moja. Lakini asilimia 46 kwa wiki si namba ya kulala nayo.

Jumatano

Nimetumwa Mwembe Tayari kununua simu hiyo, ya mkono wa pili. Muuza simu aliniuliza naitakia nini nikamwambia nataka iharibike. "Ndugu yangu, hiyo haina haja ya kusubiri," akanicheka, akanipunguzia mia mbili.

Ofisini ilianguka kwenye picha ya kwanza. Ripoti ilianza hivi: `Failed to allocate a 48000016 byte allocation`. Hiyo namba ndiyo iliyonipa jibu kabla sijafungua msimbo. Ukiondoa baiti 16 za kichwa cha safu, zinabaki 48,000,000. Kamera ya simu hiyo inapiga picha ya 4000 kwa 3000, yaani nukta milioni 12, na kila nukta inachukua baiti 4. Milioni 48 kamili. Kuna mahali tunaiweka picha nzima kwenye kumbukumbu bila kuipunguza.

Mahali penyewe ni kwenye kusafisha karatasi. Tunaita `getPixels` kuziweka nukta zote kwenye `IntArray`, kisha tunatengeneza `IntArray` ya pili ya matokeo. Safu mbili za MB 48 ni MB 96. Nikaiuliza simu kwa `getMemoryClass()`, ikajibu 128. Hiyo ndiyo dari ya apu nzima, na kabla ya picha apu yetu ilikuwa imeshashika zaidi ya MB 32. Safu ya kwanza inaingia, ya pili inagonga dari.

Kilichonifurahisha ni kuona kwa nini simu hii hasa. Wote tulikuwa tukisema ni kwa sababu ni ya bei nafuu. Lakini tunazo simu mbili ofisini zilizo nafuu zaidi, na hazikuanguka hata mara moja. Kamera zao ni za 2592 kwa 1944. Safu moja ni MB 20, mbili ni 40, zinapita bila kusumbua. Simu za bei ghali nazo zina kamera kubwa lakini dari ya kumbukumbu iko juu. Hii imekusanya yote mawili, kamera ya simu kubwa na kumbukumbu ya simu ndogo. Tungepanga kreshi kwa bei ya simu au kwa RAM peke yake tusingeiona.

Na asilimia 54 ambao hawakuanguka? Dada wa huduma aliwapigia baadhi. Wengine hawajawahi kubonyeza kitufe cha picha. Mwingine aliyempigia, wa Mikindani, ni mmoja wa wale 47: alianguka mara moja akaacha. Sasa anapiga picha kwa kamera ya kawaida na kumtumia muuzaji kwa WhatsApp. Yeye tunaye kwenye hesabu. Ila ripoti ya kreshi hutumwa apu inapofunguliwa tena, kwa hiyo aliyeanguka akaiacha moja kwa moja, ripoti yake bado iko mfukoni mwake. Vilevile Android ikiiua apu yenyewe kwa kukosa kumbukumbu, hilo haliandikwi kuwa kreshi. Kwa hiyo nadhani 47 ni namba ya chini.

Alhamisi

Marekebisho ni mafupi. Kwanza tunasoma vipimo vya picha kwa `inJustDecodeBounds`, ambayo haileti nukta yoyote kwenye kumbukumbu, kisha tunaamua kupunguza kiasi gani kwa kuangalia upande mrefu:

```kotlin
var punguza = 1
while (upande / (punguza * 2) >= 2000) punguza *= 2
opts.inSampleSize = punguza
```

Picha ya 4000 inashuka hadi 2000 kwa 1500, safu moja inakuwa MB 12 badala ya 48. Ya 2592 inaachwa ilivyo. Mwanzoni niliweka 4 kwa simu zote, nikitaka usalama zaidi. Mjaribu wetu alinirudishia karatasi ya unga ambayo tarakimu 3 na 8 hazitofautiani. Mwenye duka akilipishwa magunia 8 badala ya 3 hatatushukuru kwa kuwa apu haikuanguka.

Ile ya M-Pesa imengoja siku mbili na sijutii. Mteja wake anaanguka baada ya malipo kupita. Akifungua tena anaikuta oda yake. Wa picha anapoteza alichokuwa amejaza, mbele ya dereva anayetaka kuondoka.

Jumatatu ya pili

3.9.1 ilitoka Ijumaa kwa asilimia 10. Watu wa ile modeli walioipata na kuitumia ni 57. `OutOfMemoryError` kwao: sifuri. Safari hii nimehakikisha pia kuwa kitufe cha picha kimebonyezwa, kwa sababu sifuri ya watu ambao hawakujaribu haina maana. 31 kati yao wametuma picha angalau moja. Kwenye simu nyingine imebaki moja, ya mtu aliyechukua picha kubwa mno kutoka kwenye hifadhi ya picha badala ya kamera. Njia hiyo haipiti kwenye msimbo niliorekebisha. Tiketi imefunguliwa.

Leo tumepandisha hadi asilimia 30, na mwenzangu ameshika ile ya M-Pesa.

Wale watano wenye simu zilizojaa sikuwasahau. Ni watano tu, lakini apu haifunguki kwao kabisa. Marekebisho yatakwenda na 3.9.2: hifadhidata inatolewa kwenye `Application.onCreate`, na nafasi ikikosekana mtu anaonyeshwa ujumbe badala ya kutupwa nje. Shida ni kwamba simu iliyojaa haiwezi hata kupakua toleo jipya, kwa hiyo dada wa huduma amewapigia mmoja mmoja. Watatu wamefuta vitu na wamerudi. Wa nne hapokei. Wa tano, mama mmoja wa Likoni, amesema hafuti chochote, zile video ni za harusi ya bintiye. Kesho nikivuka feri nitampitia dukani na kadi ya kumbukumbu.